Mabuti yasiyopitisha maji: nikishuka vidole vinagonga mbele, kisigino kinapanda. Niongeze namba?

Binti_Isamilo

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua mabuti ya kupandia milima. Mwezi wa nane tunakwenda Kilimanjaro, mimi na wafanyakazi wenzangu, njia ya Machame. Nimepata mabuti pale Mlango Mmoja, mtumba lakini mazima kabisa. Nje ngozi, ndani yana ule utando wa kuzuia maji, namba 40. Maji hayapiti kweli, nimeyasimamisha kwenye beseni mpaka maji yakakaribia kamba na ndani palibaki pakavu.

Tabu ni mkao wake mguuni. Nikipanda kutoka mjini kwenda Isamilo kisigino kinapanda na kushuka ndani ya buti. Nikigeuza kushuka, vidole gumba vinagonga mbele, hasa cha kushoto, na ukucha wake umeanza kuuma nikiugusa. Nikivaa soksi nyembamba buti linapwaya. Nikivaa soksi nene ya sufi linabana juu ya mguu, lakini kisigino bado kinacheza. Nimejaribu jozi mbili za soksi, vidole vikaumia zaidi.

Muuzaji ana 41 ya aina hiyohiyo na amekubali tubadilishane nikiongeza pesa kidogo. Nichukue?

---

Kijana_Nyegezi

Chukua 41, na ukipata 42 ndiyo bora zaidi. Buti la mlima siku zote unaongeza namba mbili juu ya kiatu chako cha kawaida, kwa sababu ya soksi nene na kwa sababu vidole vinahitaji nafasi wakati wa kushuka. Vikigonga mbele maana yake kiatu ni kifupi. Kisigino utakibana kwa soksi.

---

Mwaloni_Dagaa

Dada pole. Hata mimi haya mabuti ya maji yananitesa. Nashinda Mwaloni Kirumba tangu alfajiri, chini maji na magamba, nimevaa gambuti za kijani. Kila nikipiga hatua kisigino kinatoka na soksi inateremka mpaka inajikusanya kwenye vidole. Jioni ndani kumelowa na sijaona tundu hata moja. Nivae namba ndogo zaidi?

---

Mguu_Sawa

Binti, usibadilishe kwanza. Nimeongoza watu mlimani miaka mingi kabla sijahamia huku ziwani, na malalamiko yako nayajua. Kisigino kinachopanda na vidole vinavyogonga, vikiwa kwenye buti moja, mara nyingi ni tatizo moja na si mawili. Lakini sitaki kubahatisha. Nipe vipimo vifuatavyo, uvichukue jioni baada ya kazi, kwa sababu kwa joto letu hili mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi.

Simama peku juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, mtu mwingine aweke alama kwenye ncha ya kidole kirefu. Pima miguu yote miwili. Kisha toa soli ya ndani ya buti, ile inayochomoka, uipime urefu, halafu usimame juu yake na utazame inabaki kiasi gani mbele ya vidole. Tatu, vaa soksi ile nene, ingiza mguu bila kufunga kamba, sukuma mpaka vidole viguse mbele, uone kama kidole chako cha mkono kinaingia nyuma ya kisigino.

Na la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi. Ukishuka tena kutoka Isamilo, ukifika chini tu kaa uchomoe soli ya ndani kabla haijakauka. Jasho litakuwa limechora unyayo wako. Tazama alama ya kidole gumba imeishia wapi, na kama ni alama ya duara au imevutika.

Mwaloni_Dagaa, nitakujibu ndugu yangu, gambuti ni habari nyingine.

---

Fundi_Makoroboi

Mimi nashona na kukarabati viatu. Kabla ya yote mtazame ile soli ya ndani. Mabuti ya mtumba yanakuja na soli iliyokwisha kulala, imekandamizwa na mguu wa mwenye nalo wa kwanza mpaka imekuwa nyembamba kama kadi. Ikilala, nafasi ndani inaongezeka na kisigino lazima kipwaye. Weka soli mpya nene.

Na hapo panapobana si tatizo. Lete buti, nalilowesha, nalipasha moto kidogo na kulivika kalibu usiku mmoja. Ngozi inatanuka.

---

Binti_Isamilo

Asanteni. Mguu_Sawa, nimefanya kama ulivyosema. Mguu wa kulia sentimita 24.8, wa kushoto 25.2. Soli ya ndani 26.5. Nikisimama juu yake kwa mguu wa kushoto inabaki kama sentimita 1.3 mbele. Kidole cha mkono kinaingia nyuma ya kisigino, kimoja, kwa kujibana.

Ile ya jasho imenishangaza. Alama ya kidole gumba cha kushoto si duara. Ni mstari mpana, unaanzia pale kidole kinapotakiwa kukaa na kwenda mpaka ukingoni kabisa mwa soli. Na Fundi ana haki, sehemu ya kisigino imelala, halafu kuna vishimo vya vidole vya mwenye buti wa zamani ambavyo havikutani na vidole vyangu.

---

Mguu_Sawa

Basi jibu umelishika mkononi. Buti lako si fupi.

Tazama hesabu. Namba za Ulaya zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita. Ukichukua 40 ukaigawa kwa 1.5 unapata kama sentimita 26.7, na soli yako ya 26.5 inakubaliana na hilo. Mguu wako mrefu ni 25.2. Kwa mlima tunataka sentimita moja hadi moja na nusu mbele ya kidole kirefu, na wewe unayo 1.3. Soksi nene inakula milimita chache hapo, bado unabaki na nafasi. Mguu ukikaa mahali pake kidole hakifiki mbele.

Ila haukai. Ule mstari wa jasho ni njia ambayo kidole kimepita. Kila ukikanyaga chini kwenye mteremko mguu mzima unateleza kwenda mbele, kwa sababu hakuna kilichoushika pale juu, kwenye kiungo cha mguu na mgongo wa unyayo. Ukipanda, nafasi hiyohiyo inakiachia kisigino kinyanyuke. Ndiyo maana nilisema ni tatizo moja.

Sasa fikiria 41. Unaongeza milimita 6 na ushee mbele, lakini sehemu ya kisigino nayo inakuwa kubwa zaidi. Mguu utateleza milimita 6 zaidi kisha utagonga palepale. Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliangalii: buti lina mahali pake pa kukunjika, nyuma kidogo ya vidole. Ukivaa refu kupita kiasi, mguu wako unakunjika mahali pamoja na buti linakunjika mbele yake. Soli ngumu inakataa kukunjika na mguu, na kisigino ndicho kinacholipa kwa kuvutwa juu.

Kuhusu soksi: soksi nene haili urefu sana, inakula mzunguko. Imeuzunguka mguu chini, pembeni na juu. Namba moja zaidi inakupa urefu mwingi na mzunguko kidogo tu, kama nusu sentimita. Kwa hiyo anayebanwa na soksi nene juu ya mguu anahitaji buti lenye kina na upana zaidi, si lazima refu. Na jozi mbili nene ndizo zilizokuumiza, maana soksi inateleza juu ya soksi. Ukitaka mbili, ya ndani iwe nyembamba sana na ya nje nene, nayo ijaribiwe hapa Mwanza kabla ya safari.

---

Kijana_Nyegezi

Mkuu mimi nilipanda Meru na buti kubwa namba mbili na kucha zangu zote nilirudi nazo. Usiseme haifai.

---

Mguu_Sawa

Sisemi kwamba unadanganya. Kama mguu wako una goti la juu, yaani unyayo uliopanda, kamba zinakushika vizuri hata kwenye buti refu. Mwenye mguu mwembamba na kisigino chembamba akifanya hivyo anarudi na malengelenge. Na jambo la nafasi ya vidole uko sawa kabisa, anayenunua buti ambalo vidole vinagusa mbele akiwa amesimama dukani ameshapoteza kucha. Ninachopinga ni kuongeza namba bila kupima.

Binti, kabla ya kununua chochote jaribu kamba. Legeza zote mpaka chini. Ingiza mguu, inua vidole, ugonge kisigino sakafuni mara kadhaa mpaka kijae nyuma. Kaa na mguu hivyohivyo, kisigino chini na vidole juu, ndipo uanze kufunga. Safu za mbele, juu ya vidole, ziache laini. Ukifika pale mguu unapopinda kuelekea mundi, zungusha kamba moja juu ya nyenzake mara mbili badala ya mara moja, kisha vuta sana. Zile duru mbili zinajishika zenyewe, kamba hairudi nyuma ukiachia. Rudia kwenye safu inayofuata. Huko juu kwenye kulabu funga kwa wastani, maana wakati wa kushuka mundi unahitaji kuinama mbele.

Ukimaliza, mgongo wa mguu usikie kushikwa, vidole vikiwa huru kucheza. Vikifa ganzi umekaza sana chini. Kileleni usiku ni baridi ya kugandisha, na mguu uliobanwa unapoa haraka, soksi iwe nene namna gani.

---

Mwaloni_Dagaa

Na mimi je?

---

Mguu_Sawa

Samahani kaka. Gambuti haina kamba, kwa hiyo mguu lazima upite kwenye shingo yake na hakuna cha kukaza baadaye. Kisigino kunyanyuka kidogo ni kawaida yake. Kinachokutesa ni zaidi ya hapo. Nyingi zinauzwa kwa namba kamili tu, hakuna nusu, ndiyo maana mtu anaangukia kubwa. Weka soli ya ndani ya kitambaa kizito au ya sponji ngumu, mguu upande ukutane na paa la buti hapo juu. Vaa soksi ndefu ifike chini ya goti, fupi ndiyo inayoteremka. Ukishuka namba, hakikisha kidole hakigusi mbele, maana mpira hautatanuka kwa ajili yako.

Kulowa bila tundu ni jasho. Mpira hautoi mvuke hata kidogo. Chukua soksi ya pili ubadilishe mchana, na jioni uchomoe soli uianike.

---

Binti_Isamilo

Nimerudi. Nimefunga kamba kwa duru mbili kama ulivyoeleza, soksi nene jozi moja, nikapanda na kushuka kwa ngazi za mawe kule Mabatini kwa sababu ndizo kali zaidi ninazozijua. Kisigino bado kinanyanyuka ila kidogo sana, nusu sentimita hivi. Kidole gumba cha kulia hakikugusa mbele kabisa. Cha kushoto kiligusa mara chache kuelekea chini, nikagundua kamba zimelegea. Alama ya jasho imekuwa fupi, haifiki ukingoni.

Kilichobaki: kidole kidogo cha kushoto kinabanwa pembeni. Hiki sikukisikia mwanzo, nadhani maumivu ya kidole gumba yalikuwa yanakifunika.

---

Mguu_Sawa

Nusu sentimita kwenye buti lenye soli ngumu siiogopi, mradi hakuna kuchubuka. Itapungua soli ikizoea kukunjika.

Kwa mguu wa kushoto hapa namfuata Fundi, lakini kwa kubadili kidogo. Badilisha soli iliyolala, weka mpya yenye unene wa wastani. Isiwe nene sana, maana inaunyanyua mguu wote, vidole vinakutana na paa na kisigino kinatoka kwenye kikombe chake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuweka kipande chini ya kisigino peke yake. Kisigino kinapanda juu, kinakikimbia kile kilichotengenezwa kukishika, na kinapwaya zaidi.

Kama baada ya soli mpya mguu bado unateleza mbele, weka pedi kwenye ulimi wa buti, upande wa ndani, pale mguu unapopinda. Kipande cha sponji ngumu, milimita 4 au 5, kipana kama vidole vitatu. Kinausukuma mguu kurudi nyuma kwenye kisigino. Kwa mteremko sijaona dawa rahisi inayokizidi. Ila kibandikwe kwa gundi, KISISHONWE. Kwenye mabuti haya utando unapita mpaka kwenye ulimi na mbawa zake, sindano ikipita umetoboa.

---

Fundi_Makoroboi

Hilo la kutoshona nalikubali, na pedi naweza kuikata leo. Sponji ya zile ndala nyepesi inafaa, ile ya godoro inalala siku moja. Lakini kidole kidogo dawa yake ni kalibu. Nimetanua mabuti ya ngozi mengi tu, hakuna aliyerudi kulalamika.

---

Mpima_Mipaka

Mimi nimerudi kulalamika, si kwako Fundi, kwa mwingine. Nafanya kazi za upimaji ardhi Sengerema, masika niko kwenye matope kutwa. Buti langu lilikuwa na utando kama la dada. Lilinibana pembeni, nikalipeleka likatanuliwa kwa moto. Mkao ukawa mzuri sana. Mvua iliyofuata maji yakaanza kuingia palepale lilipotanuliwa. Nje ngozi nzima, huoni kitu. Nilijua kwa kulijaza gazeti na kulisimamisha kwenye beseni, gazeti likalowa upande huo tu.

---

Mguu_Sawa

Hicho ndicho ninachokihofia. Ndani ya buti kuna kama soksi nyingine iliyoshonwa kwa utando, na mishono yake imefunikwa kwa utepe uliobandikwa kwa joto. Ngozi inatanuka, utando hautanuki sawa nayo, na utepe ukipashwa moto unaweza kuachia. Ngozi tupu isiyo na utando ningesema mpe Fundi bila wasiwasi.

---

Fundi_Makoroboi

Moto mkali ndiyo, unaharibu. Basi kwa buti hili la utando nasema kalibu kavu, bila moto, taratibu siku tatu nne, kusogeza milimita mbili tu. Aliyelipasha moto la Mpima hakujua anachokishika.

---

Mguu_Sawa

Bila moto hatari inapungua, nakubali. Hata hivyo ngozi isiyopashwa inarudi nyuma sana ukitoa kalibu, na milimita mbili zinaweza kubaki nusu. Sijui kama faida hiyo inalingana na kuuweka utando rehani. Dada, kwanza jaribu soksi nyembamba kidogo, ya sufi hiyohiyo lakini ya unene wa kati, na uache safu mbili za kwanza za kamba bila kukaza kabisa. Kidole kidogo kinapata nafasi hapo. Soksi nene kabisa ibaki ya usiku wa kileleni tu.

---

Binti_Isamilo

Soksi ya kati ninayo. Lakini usiku wa kileleni ndiyo huohuo tunaoshuka nao, si ndiyo? Nitabadilishia wapi?

---

Mguu_Sawa

Barafu. Mkitoka kileleni mnarudi kambi ya Barafu, mnapumzika, ndipo mnaendelea kushuka Mweka. Kutoka kileleni mita 5,895 mpaka kambi ya Mweka kwenye 3,100 ni karibu mita 2,800 za kushuka kwa siku moja, kucha nyingi zinakufa hapo. Pale Barafu vua, kausha miguu, vaa soksi ya kati iliyo kavu, gonga kisigino, funga kamba upya tangu chini. Na kila mkisimama kunywa maji ile siku tazama zile duru mbili, umeshaona mwenyewe Mabatini kuwa zinalegea. Kucha zikate siku chache kabla ya safari, sawa na ncha ya kidole.

---

Kijana_Nyegezi

Kwa hiyo 41 aiache?

---

Binti_Isamilo

Nimemwambia muuzaji aiuze. Kesho napeleka ulimi ukabandikwe pedi Makoroboi, soli mpya nimeshapata. Kidole kidogo nitakipa wiki mbili na soksi ya kati kabla sijaamua la kalibu. Mpima, ulipojaza gazeti ulilisimamisha kwa muda gani? Nataka nipime hivyo kabla na baada.

---

Mpima_Mipaka

Nusu saa haikuonyesha kitu. Niliacha nikaenda kula, kwa muda wa kama saa mbili hivi, ndipo nikakuta limelowa. Na ulikunje buti mara kadhaa likiwa majini, likisimama tu linaweza kukudanganya.

---

Mwaloni_Dagaa

Soksi ndefu imesaidia, haishuki tena. Soli ya sponji nimeweka, sasa mguu wa kulia hauingii kwenye gambuti bila kuvutwa na mtu. Nipunguze sponji au ndiyo inavyotakiwa?

---

Mguu_Sawa

Punguza. Ukikwama majini unatakiwa uweze kulivua mwenyewe.